Kampuni ya malori iliyonunua mahindi: uchambuzi wa kisa cha uwezo wa kampuni na nia njema ya mtu wa nje

Kisa hiki kilitokea Kenya. Majina yameondolewa, mji haukutajwa, na kiasi cha fedha kimebadilishwa kidogo bila kuharibu uwiano wake. Niliombwa kulisoma jalada baada ya mambo kuharibika, kwa niaba ya mmoja wa wanahisa, kwa hiyo nililoliona ni la upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Nimekichagua kwa sababu ndani ya kampuni moja, chini ya katiba moja, wakurugenzi walewale wawili walifanya mambo mawili yaliyokatazwa na katiba hiyo katika muda wa wiki sita, na jambo moja likaifunga kampuni ilhali la pili halikuifunga.

Usuli

Kampuni ilikuwa ya ndugu watatu: kaka mkubwa, dada, na mdogo wao wa kiume. Ilisajiliwa miaka michache baada ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 kuanza kutumika, ikiwa na malori manne ya kubeba mizigo. Sehemu kubwa ya mtaji ilitoka kwa dada, ambaye alikuwa akifanya kazi Doha na hakuwa na nia ya kurudi karibuni. Kwa kuwa fedha zake zingesimamiwa na wengine, alitaka kinga, na wakili aliyesajili kampuni akampa ile aliyoijua, yaani kuiandika katika katiba.

Katika sheria ya sasa ya Kenya, kampuni haina haja ya kutaja malengo yake. Kifungu cha 28 kinasema kwamba malengo ya kampuni hayana mipaka isipokuwa katiba yake iyawekee mipaka waziwazi. Kampuni nyingi huliacha jambo hilo wazi. Hii haikuliacha. Katiba yake ilisema kwamba kampuni itafanya biashara ya usafirishaji wa mizigo peke yake, kwamba haitadhamini deni la mtu mwingine yeyote bila azimio la wanahisa wote, na kwamba akidi ya kikao cha wakurugenzi ni watu wawili. Wakurugenzi walikuwa wote watatu. Kaka mkubwa alikuwa mkurugenzi mtendaji, na kwa kibali cha benki aliweza kutia sahihi hundi peke yake, jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka wakati katiba ilipokuwa ikiandikwa kwa uangalifu mkubwa.

Yaliyotokea

Mwezi wa Oktoba kaka mkubwa aliona bei ya mahindi ikipanda na akaamua kwamba malori yanayobeba mahindi ya watu yanaweza kubeba ya kwao. Akaagiza magunia 2,000 ya kilo 90 kutoka kwa mfanyabiashara wa nafaka, kwa bei ya shilingi 3,400 kwa gunia, jumla shilingi milioni 6.8. Oda iliandikwa kwenye karatasi ya kampuni, ile yenye picha ya lori na neno "wasafirishaji" chini ya jina. Malipo ya awali ya shilingi milioni 1.5 yalitolewa kwa hundi ya kampuni, na salio likapewa siku 60. Mdogo wao hakuhudhuria kikao chochote kuhusu ununuzi huo kwa sababu hakikuwapo, lakini ndiye aliyepanga malori ya kuchukua magunia na kutia sahihi stakabadhi za kupokea mzigo.

Muuzaji alifanya uchunguzi mmoja tu. Aliomba CR12, ile taarifa ya Msajili wa Makampuni inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa ni nani na kila mmoja ana hisa ngapi. Jina la kaka mkubwa lilikuwemo, naye akaridhika. CR12 haielezi katiba inasema nini.

Wiki sita baadaye, kaka mkubwa alihitaji kuokoa biashara yake nyingine, kampuni ya vifaa vya ujenzi ambayo ilikuwa yake peke yake na ilikuwa na deni la shilingi milioni 14 kwa taasisi moja ya mikopo. Mkopeshaji alikubali kuongeza muda wa kulipa endapo kampuni ya malori ingedhamini deni lote. Hati ya udhamini ilitiwa sahihi na kaka mkubwa na mdogo wao, na sahihi zote mbili zilikuwa halisi. Kampuni ya malori haikupata chochote kwa udhamini huo, hata senti moja ya ada.

Tofauti na muuzaji wa mahindi, mkopeshaji alikuwa na nakala ya katiba, kwa sababu fomu zake zenyewe ziliidai. Afisa wa mikopo aliisoma na akaandika barua pepe kwa kaka mkubwa kumwambia kwamba udhamini unahitaji azimio la wanahisa wote. Baada ya siku mbili azimio likaletwa, likisema kwamba ndugu watatu walikutana ana kwa ana na kukubaliana, na chini yake kulikuwa na sahihi tatu. Ya dada haikuwa yake. Kati ya barua pepe hiyo na kuletwa kwa azimio kuna nyingine fupi, ambayo kaka mkubwa aliandika: "Dada yuko Doha, ya kwake nitaishughulikia mwenyewe," na afisa akajibu kwamba ni sawa mradi faili likamilike kabla ya Ijumaa.

Bei ya mahindi ikashuka. Mzigo ukauzwa kwa hasara, salio la shilingi milioni 5.3 halikulipwa, na mwezi wa Februari kampuni ya vifaa vya ujenzi ikashindwa kulipa. Dada alipata habari zote mbili kwa siku moja, kwa simu ya mdogo wao, ambaye alianza kwa kusema, "Dada, nilitia sahihi kwa sababu kaka aliniambia mmeshazungumza."

Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

Wakili wa kwanza wa kampuni alitoa jibu moja kwa wadai wote wawili. Aliandika kwamba kampuni imeundwa kwa ajili ya usafirishaji tu, kwamba kununua nafaka na kudhamini madeni ni mambo yaliyo nje ya uwezo wake, na kwamba kwa hiyo mikataba yote miwili ni batili tangu mwanzo. Kwa udhamini aliongeza hoja kwamba azimio lilighushiwa, na kilichojengwa juu ya karatasi ya kughushi huanguka chenyewe.

Si vigumu kuona hoja hiyo ilitoka wapi, kwani kwa zaidi ya karne moja ilikuwa hoja nzuri. Mwaka 1875 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua shauri la kampuni ya Ashbury, ambayo hati yake iliiruhusu kutengeneza mabehewa ya reli, nayo ikanunua haki ya kujenga reli yenyewe nchini Ubelgiji. Mkataba ulihesabiwa kuwa si kitu, na ikasemwa kwamba hata wanahisa wote kwa pamoja wasingeweza kuuidhinisha baadaye, kwa kuwa haiwezekani kuidhinisha kitendo ambacho kampuni haikuwa na uwezo wa kukifanya. Juu ya hapo kulikuwa na dhana kwamba kila mtu amekwisha kusoma hati za kampuni zilizosajiliwa, awe amezisoma au hakuzisoma. Mwaka 1953 dhana hiyo ilimwangamiza muuzaji wa makaa huko London. Kampuni ya Jon Beauforte ilisajiliwa kwa biashara ya mavazi ya wanawake, ikahamia kutengeneza mbao za kupamba, na ikaagiza makaa kwa karatasi iliyotaja kazi hiyo mpya. Mahakama ilisema kwamba karatasi ilimjulisha makaa ni ya kazi gani, na usajili ulihesabiwa kumjulisha kwamba kazi hiyo hairuhusiwi. Akakosa malipo.

Muuzaji wetu wa mahindi alikuwa katika hali inayofanana na hiyo sana, ila karatasi yake ilikuwa na picha ya lori. Wakili wa kwanza angeshinda chini ya sheria ile. Lakini kifungu cha 33 cha Sheria ya 2015 kinazuia uhalali wa jambo lililofanywa na kampuni usitiliwe shaka kwa hoja ya kukosa uwezo kwa sababu ya sharti lililomo katika katiba yake. Hoja kuu ya utetezi, kwa hiyo, ilikuwa imefungiwa mlango kabla haijasomwa.

Dada naye alifanya uamuzi wake. Alitaka kwenda Mahakama Kuu kuomba zuio dhidi ya mikataba yote miwili. Nilimshauri asifanye hivyo. Mwanahisa anayo haki ya kuiomba mahakama iwazuie wakurugenzi wasifanye jambo lililo nje ya mamlaka yao, lakini haki hiyo ni ya kabla ya kampuni kujifunga, wala haimruhusu kuzuia utekelezaji wa wajibu ambao kampuni imekwisha kuuingia. Mahindi yalikuwa yameshapokelewa na kuuzwa. Alikuwa amechelewa kwa miezi minne, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia, hangeweza kuwahi.

Tulichokifanya ni kutenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa katika hoja moja. Kwa mahindi, nilishauri deni likubaliwe na muda wa kulipa ujadiliwe. Wakurugenzi wawili walikataa na shauri likaendelea. Kwa udhamini, tuliacha kabisa neno "uwezo" na kuuliza swali moja tu: je, mkopeshaji alishughulika na kampuni kwa nia njema?

Matokeo

Shauri la mahindi lilisikilizwa na hakimu mkuu, na halikuchukua muda mrefu. Kampuni iliamriwa kulipa salio lote pamoja na riba na gharama. Shauri la udhamini halikufika kwenye hukumu. Barua pepe zilipotolewa katika hatua ya kubadilishana nyaraka, mkopeshaji aliomba upatanishi. Aliiachilia kampuni ya malori na akabaki na madai yake dhidi ya mdaiwa mkuu na dhidi ya kaka mkubwa, ambaye pia alikuwa amejidhamini binafsi. Kila upande ulibeba gharama zake.

Uchambuzi: maswali matatu yaliyochanganywa

Katika mjadala wa namna hii kuna maswali matatu, na nimeona mara nyingi mawakili wakiyajibu kana kwamba ni moja. La kwanza ni kama kampuni ilikuwa na uwezo. La pili ni kama wakurugenzi, kwa pamoja, walikuwa na mamlaka chini ya katiba. La tatu ni kama mtu huyu mmoja aliyetia sahihi aliruhusiwa na wakurugenzi hao. Kifungu cha 33 kinajibu la kwanza. Kifungu cha 34 kinajibu la pili: kwa manufaa ya mtu anayeshughulika na kampuni kwa nia njema, mamlaka ya wakurugenzi ya kuifunga kampuni, au ya kuwaruhusu wengine waifunge, huhesabiwa kuwa hayana mpaka wowote uliowekwa na katiba. Mtu huyo halazimiki kuuliza kama mipaka ipo, naye huchukuliwa kuwa na nia njema hadi anayepinga athibitishe vinginevyo.

La tatu halijibiwi moja kwa moja na kifungu chochote kati ya hivyo viwili, na hapo ndipo utetezi wa kampuni katika shauri la mahindi ungeweza kusimama kama ungesimama popote. Oda ilitiwa sahihi na mtu mmoja, na hapakuwa na kikao. Kinga ya kifungu cha 34 inaondoa mipaka iliyowekewa mamlaka ya wakurugenzi. Haimgeuzi mkurugenzi mmoja anayejitwalia madaraka kuwa wakurugenzi wote. Kama oda ingetoka kwa mdogo wao peke yake, ambaye hakuwahi kununua chochote kwa jina la kampuni, muuzaji angekuwa na kazi ngumu.

Lakini kaka mkubwa alikuwa mkurugenzi mtendaji kwa miaka, na wenzake walimwacha aonekane hivyo mbele ya watu. Kanuni ya mamlaka ya kuonekana, ambayo shauri la Uingereza la mwaka 1964 kuhusu kampuni ya Buckhurst Park liliieleza vizuri, inaibana kampuni kwa sura ambayo wenye mamlaka ndani yake wameiruhusu ionekane nje. Zaidi ya hayo, hundi ilikuwa ya kampuni, malori yalikuwa ya kampuni, na mkurugenzi wa pili alipokea mzigo. Ni vigumu kuyapokea magunia 2,000 na baadaye kusema kwamba hukuyaagiza. Kikao kisichofanyika, nacho, ni jambo la ndani. Tangu shauri la Turquand la mwaka 1856, ambamo wakurugenzi walikopa bila azimio lililotakiwa na hati zao, mtu wa nje ameruhusiwa kudhani kwamba taratibu za ndani zimefuatwa, isipokuwa awe na sababu ya kushuku.

Picha ya lori haikumdhuru muuzaji. Wakili wa kampuni alimuuliza kizimbani kama hakujua kwamba anamuuzia msafirishaji, naye akajibu kwamba alijua, na kwamba wasafirishaji wengi wa eneo lile hununua mahindi. Hata angejua kwamba katiba inakataza, ujuzi huo peke yake usingemwondolea nia njema, na hilo linatuleta kwenye shauri la pili.

Uchambuzi: neno "tu" katika maana ya nia njema

Sheria inasema kwamba mtu hahesabiwi kuwa na nia mbaya kwa sababu tu alijua kwamba kitendo kinazidi mamlaka ya wakurugenzi chini ya katiba. Msomaji wa mara ya kwanza hushangaa, na mkopeshaji aliitegemea sentensi hiyo kwa nguvu zake zote. Alikiri kwamba aliisoma katiba. Alisema kwamba kujua si kosa.

Kuhusu hilo alikuwa sahihi. Angekuwa amesoma sharti, akaletewa azimio lenye sahihi tatu, na akaliamini, udhamini ungesimama hata kama mojawapo ya sahihi ilighushiwa. Hapa ndipo hoja ya pili ya wakili wa kwanza ilipokosea. Azimio halikuwa hati iliyoifunga kampuni. Hati ya udhamini ndiyo iliyoifunga, na sahihi zake zilikuwa za kweli. Azimio lilikuwa sharti la katiba, na kukosekana kwa sharti la katiba ndilo jambo hasa ambalo kifungu cha 34 kinamkinga mtu wa nje nalo. Kughushiwa kwake kuliigusa kesi kwa njia moja tu, kwa kuonyesha mkopeshaji alijua nini na alifanya nini alipojua.

Nalo lilionyesha mengi. Afisa alijua sharti, alijua kwamba dada yuko ng'ambo, aliambiwa kwa maandishi kwamba sahihi yake itapatikana bila yeye, kisha akapokea karatasi inayosema kwamba alikaa kikaoni. Alijua pia kwamba deni lilikuwa la biashara binafsi ya mkurugenzi yuleyule aliyekuwa akileta karatasi, na kwamba kampuni inayodhamini haipati kitu. Kwa maoni yangu kila kipande peke yake kingeweza kuelezewa. Neno "tu" linalinda ujuzi uliosimama peke yake. Halilindi ujuzi ulioambatana na kusaidia kulizunguka sharti huku mtu akiona mkurugenzi anaivunja amana yake kwa faida yake mwenyewe. Mawakili wa mkopeshaji waliona hivyo pia, ndiyo maana walitaka upatanishi, ingawa nakubali kwamba bila ile barua pepe fupi ningekuwa na wasiwasi mkubwa. Mzigo wa kuthibitisha nia mbaya ulikuwa juu yetu, na ushahidi wote ulikuwa katika faili la mwenzetu.

Kilichoshindwa ndani ya kampuni

Dada aliamini kwamba katiba ni kufuli. Kwa watu wa nje, baada ya mwaka 2015, si kufuli. Ni ahadi kati ya walio ndani, na anayeivunja hujibu kwa walio ndani. Kifungu cha 142 kinamtaka mkurugenzi atende kulingana na katiba na atumie mamlaka yake kwa makusudi yaliyokusudiwa tu, na kinga anayopewa mtu wa nje haimfutii mkurugenzi dhima hiyo. Kama kinga ilihitajika mbele ya mtu wa nje, ilipaswa kuwekwa mahali ambapo mtu wa nje hukutana nayo: kibali cha benki kinachodai sahihi mbili, mojawapo ya dada, na barua kwa wakopeshaji wanaojulikana. Hundi ya shilingi milioni 1.5 isingetoka. Barua nayo, hata hivyo, isingetosha peke yake, kwa sababu ileile ya neno "tu". Ingemfanya mkopeshaji ajue, na kujua peke yake hakutoshi kuuangusha mkataba.

Kibali cha benki kilibadilishwa mwezi wa Juni. Kaka mkubwa aliacha ukurugenzi na kuhamishia dada sehemu ya hisa zake kufidia deni la mahindi, ili kuepuka dada kuomba idhini ya mahakama kumshtaki kwa niaba ya kampuni. Suala la mdogo wao lilikuwa gumu zaidi. Alitia sahihi udhamini bila kuusoma, kwa kumwamini mkubwa wake, na kifungu cha 142 hakina nafuu kwa sahihi ya heshima. Ndugu walikubaliana kwamba gao lake la faida la miaka miwili liende kulipia gharama za mashauri yote mawili, na kwamba tangu hapo kila hati anayowekewa mbele yake ipigwe picha na kutumwa Doha kabla hajashika kalamu.